Maumivu yanapohama kutoka kitovuni, usingoje kesho

Kila mara ninapokutana na mzazi ambaye mtoto wake ametoka kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo kilichopasuka, swali huwa lile lile: "Daktari, lilikuwa tumbo la kawaida tu, limefikaje huku?" Na nikimwomba anisimulie tangu mwanzo, karibu kila mara namsikia akitaja mwenyewe dalili iliyokuwa ikimwambia kwamba hilo si tumbo la kawaida. Maumivu yalianzia katikati, kwenye kitovu. Baada ya saa kadhaa yakashuka chini upande wa kulia, yakabaki hapo. Mzazi aliliona hilo, hakujua lina maana gani.

Leo nataka tuzungumze juu ya kuhama huko tu, na juu ya saa zinazofuata baada yake. Mambo mengine ya ugonjwa huu tutayapitia haraka, kwa sababu naamini mzazi akilielewa hili moja, mengine yote atayafanya bila kusukumwa.

Kidole tumbo ni kifuko kidogo chembamba chenye umbo la kidole au la mnyoo. Kimeshikana na mwanzo wa utumbo mpana, chini upande wa kulia wa tumbo. Kwa watu wengi kina urefu wa sentimita 6 hadi 10, na unene wake wakati wa uzima haufiki unene wa penseli. Upande mmoja kimefunguka kuingia utumboni, upande mwingine kimezibwa. Hapo ndipo tatizo lilipo: ni uchochoro wenye mlango mmoja. Mlango huo ukizibwa, hakuna pa kutokea.

Kinachouziba mara nyingi ni punje ya kinyesi kilichokauka na kuwa kigumu kama kijiwe. Kwa watoto na vijana, tezi ndogo zilizomo kwenye ukuta wa kifuko hicho zinaweza kuvimba, hasa baada ya maambukizi mengine ya mwili, zikaufinya mlango. Minyoo nayo huweza kuuziba, ingawa si mara nyingi. Najua wengi wetu tumelelewa kwa kuambiwa tusimeze mbegu za mapera wala tusile wali wenye mchanga, kwamba vitaingia kwenye kidole tumbo. Imewahi kutokea mbegu ikakutwa humo, lakini ni nadra sana, na mtoto ambaye hajawahi kuonja pera anaweza kuugua vile vile. Kwa hiyo mzazi asijilaumu kwa chakula alichompa mwanawe.

Mlango ukishazibwa, ukuta wa kifuko unaendelea kutoa ute wake kama kawaida. Ute unajaa, kifuko kinatutumka. Vijidudu ambavyo siku zote vimo utumboni bila kutusumbua vinapata sehemu iliyofungwa, yenye joto na unyevu, vinazaliana. Shinikizo la ndani linapanda mpaka linaibana mishipa midogo inayopeleka na kurudisha damu kwenye ukuta wa kifuko. Ukuta usiopata damu unaanza kufa, unakuwa mweusi, unalainika, na mwisho unatoboka. Usaha na kinyesi vinamwagika tumboni. Huo ndio mwendo wote, na mara nyingi unachukua siku moja hadi tatu tangu maumivu ya kwanza.

Sasa turudi kwenye maumivu. Kwa nini kitu kilichoko chini kulia kianze kuuma kitovuni?

Utumbo na viungo vingine vya ndani havina mishipa ya fahamu inayojua mahali kwa usahihi. Kidole chako cha mkono ukikichoma kwa sindano, hata ukiwa umefumba macho, unajua ni kidole kipi na sehemu gani. Utumbo haujui hivyo. Unapotutumka, habari inapanda kwenye uti wa mgongo kupitia njia ile ile inayopokea habari za ngozi ya eneo la kitovu. Ubongo unapokea taarifa ya maumivu kutoka njia hiyo na kudhani ni kitovu. Ndiyo maana mgonjwa saa za mwanzo anapapasa tumbo zima la katikati kwa kiganja na kusema, "Hapa, hapa kote." Ni maumivu mazito, yasiyo na mpaka, wakati mwingine yanakuja kwa mawimbi. Ukimbonyeza upande wa kulia wakati huo, anaweza asishtuke kabisa.

Lakini ukuta wa tumbo kwa ndani umetandikwa utando, na utando huo una mishipa ya fahamu ya aina nyingine, inayojua mahali kama ilivyo ngozi. Kidole tumbo kinapokuwa kimevimba vya kutosha kuugusa na kuuchokoza utando huo, ubongo hatimaye unapata anwani sahihi. Maumivu yanaondoka kitovuni na kuhamia chini kulia. Sasa mgonjwa haonyeshi tena kwa kiganja, anaonyesha kwa kidole kimoja. Ukitaka kujua mahali penyewe, tafuta mfupa wa nyonga unaojitokeza kwa mbele upande wa kulia, kisha vuta mstari wa kufikirika kutoka hapo hadi kitovuni. Gawa mstari huo mara tatu. Theluthi ya kwanza kutoka kwenye mfupa ndipo maumivu yanapokaa kwa wagonjwa wengi. Madaktari wa upasuaji wanapaita mahali pa Makbani, kwa jina la daktari wa New York aliyepaeleza mwaka 1889, na mpaka leo tunapabonyeza hapo hapo.

Kwa hiyo msomaji, maumivu yanapohama hayamaanishi kwamba ugonjwa umetembea. Kidole tumbo kiko pale pale kilipokuwa. Kilichobadilika ni kwamba moto uliokuwa ndani ya kifuko umeanza kutokea nje yake. Ni hatua ya pili ya ugonjwa. Na kwa kawaida bado kifuko hakijapasuka. Hiyo ndiyo nafasi yenyewe tunayoitafuta, na kwa bahati mbaya ndiyo tunayoipoteza mara nyingi zaidi.

Niwape mfano wa mvulana wa miaka 11. Nimechanganya habari za watoto zaidi ya mmoja ili asitambulike yeyote, lakini saa nimeziacha kama zinavyokuwa.

Jumapili saa 2 usiku, familia inakula. Mtoto anasukuma sahani, anasema tumbo linamuuma kitovuni na hajisikii kula. Mama anajua siku hiyo walihudhuria shughuli, wamekula pilau, wamekunywa soda. Anampa maji ya tangawizi. Saa 5 usiku mtoto anatapika mara moja. Tazama mpangilio huo: maumivu yametangulia, kukosa hamu ya kula na kutapika vimefuata. Katika tumbo la chakula kibaya mara nyingi huwa kinyume, kutapika na kuharisha hutangulia au huja pamoja na msokoto wa tumbo. Si sheria isiyovunjika, ila ni tofauti ambayo sisi madaktari huiuliza kwa makusudi.

Jumatatu saa 11 alfajiri mtoto anaamka kwenda chooni. Anatembea ameinama, mkono ameuweka chini kulia. Mama anamuuliza panauma wapi, anaonyesha kwa kidole kimoja. Zimepita saa 9. Maumivu yamehama.

Saa 3 asubuhi wako kituo cha jirani. Kipimo cha haraka cha malaria hakionyeshi kitu. Mkojo unaonyesha chembe nyeupe chache. Wanaambiwa ni maambukizi ya njia ya mkojo, yu-ti-ai, wanapewa vidonge vya kuua bakteria na sindano ya diklofenaki kwa ajili ya maumivu. Hakuna aliyewaambia warudi lini.

Mchana mtoto ana nafuu, kwa sababu ya sindano. Jioni sindano imeisha nguvu, mwili una joto la 38.1, hataki kula, hataki kucheka wala kukohoa kwa sababu vinamuumiza. Baba yuko safarini, anapigiwa simu, anasema dawa ndiyo kwanza zimeanza, tusubiri zifanye kazi. Saa 8 usiku wa kuamkia Jumanne mtoto analia, amekunja mguu wa kulia, hataki kuunyoosha.

Jumanne saa 4 asubuhi maumivu yanapungua ghafla. Mtoto anapata usingizi. Mama anashusha pumzi na kuwapigia ndugu kuwaambia dawa zimeanza kufanya kazi. Ilikuwa saa ya 38 tangu maumivu yaanze, na huo ndio wakati kifuko kilipopasuka.

Hapa nawaomba msome polepole. Kifuko kilichokuwa kimetutumka kikipasuka, shinikizo linatoka, na yale maumivu ya kututumka yanatoweka. Mgonjwa anapata nafuu ya kweli, hadanganyi. Nafuu hiyo inaweza kudumu saa chache. Kisha usaha uliomwagika unauchoma utando wa tumbo lote, na maumivu yanarudi, safari hii hayako mahali pamoja. Tumbo linakuwa gumu kama ubao, linavimba, halitoi mlio wa kusaga chakula. Homa inapanda, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, midomo inakauka, matapishi yanakuwa ya kijani. Mvulana wetu alifikia hali hiyo saa 12 jioni, joto 39.4, na saa 2 usiku, saa 48 kamili tangu aisukume sahani, alikuwa mapokezi ya hospitali akiwa amebebwa mgongoni.

Alipona. Lakini kabla ya upasuaji ilibidi aongezewe maji mwilini kwa dripu na aanzishiwe dawa za mshipani. Alipasuliwa kwa mkato mrefu ili tumbo lote lisafishwe, akakaa wodini siku 9, kidonda kikaingia usaha, akakosa shule zaidi ya wiki tatu. Kama angepasuliwa Jumatatu mchana, kwa mkato mdogo upande wa kulia, kwa kawaida angekuwa nyumbani baada ya siku moja au mbili. Isitoshe, usaha uliosambaa tumboni unaweza kuacha makovu yanayogandanisha utumbo, na miaka mingi baadaye utumbo ukajifunga kwa sababu hiyo. Wapo pia wasiofika hospitali na uhai wao. Hawa wanakufa kwa sumu ya vijidudu iliyoingia kwenye damu.

Watu wakisikia habari kama hii humlaumu mama, au humlaumu tabibu wa pale kituoni. Mimi simlaumu mama hata kidogo. Kwa tabibu nina neno, ila si lile linalotarajiwa. Chembe nyeupe kwenye mkojo alizoziona zilikuwepo kweli. Kidole tumbo kilichovimba kinaweza kulala karibu na mrija wa mkojo au kibofu na kuvichokoza, chembe zikatoka kwenye mkojo bila kuwepo ugonjwa wowote wa mkojo. Ndivyo ilivyo pia kwa kipimo cha Widali cha homa ya matumbo ambacho bado kinatumika sana huku kwetu: kinaweza kuonyesha "chanya" kwa mtu asiye na taifodi, kwa sababu mwili wake unakumbuka vijidudu vya zamani. Taifodi yenyewe hujenga homa kwa siku nyingi, haianzi jana usiku kwa maumivu ya kitovu. Kipimo ni jibu la swali, na pale kituoni swali la muhimu halikuulizwa: maumivu yalianzia wapi, na sasa yako wapi?

Hata hivyo neno langu kubwa kwa tabibu, na kwa sisi sote tunaotibu, ni juu ya sentensi iliyokosekana wakati wa kuagana. Saa za mwanzo ugonjwa huu unaweza kumshinda daktari yeyote kuutambua. Hakuna aibu kusema, "Leo sina uhakika." Kosa ni kumruhusu mgonjwa mwenye maumivu ya tumbo yasiyoeleweka bila kumpa saa ya kurudi. Si "mkiona hajapata nafuu mje", maana nafuu ya sindano itawalaghai. Bali "rudini leo saa 9 alasiri nimwone tena, hata kama amelala vizuri."

Tuna msemo kwamba subira huvuta heri. Sina ugomvi na subira yenyewe. Hospitalini nasi tunasubiri. Mgonjwa asiyeeleweka tunamlaza, tunamzuia kula, tunampa maji ya mshipa, na mtu yule yule anarudi kila baada ya saa chache kulibonyeza tumbo lake na kulinganisha na mara ya kwanza. Hiyo ni subira yenye macho. Subira ya nyumbani haina macho. Nyumbani tunapima kwa kilio: akilia sana tunahangaika, akinyamaza tunashukuru. Na kama tulivyoona, katika ugonjwa huu kunyamaza kunaweza kuwa ndiyo habari mbaya zaidi.

Mtu ataniuliza, basi nina muda gani? Utafiti uliofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 2006 uliangalia saa hizo. Kwa wagonjwa waliotibiwa ndani ya saa 36 tangu dalili kuanza, hatari ya kupasuka ilikuwa asilimia 2 au chini ya hapo. Baada ya hapo, kila saa 12 zilizoongezeka zilibeba hatari ya karibu asilimia 5. Tafadhali usizichukue namba hizo kama ruhusa ya kukaa nyumbani siku moja na nusu. Kwanza, wagonjwa wale wengi wao walikuwa watu wazima. Watoto wadogo kifuko chao kina ukuta mwembamba na hawajui kueleza. Walio chini ya miaka 5 zaidi ya nusu hukutwa kimeshapasuka wakati ugonjwa unapotambuliwa. Pili, saa inaanza kuhesabiwa kitovuni, haianzi pale maumivu yanapotua kulia. Ukigundua alfajiri kwamba yamehama, tayari umetumia saa 8 au 12. Toa na safari, toa na foleni, toa na muda wa kumwita daktari wa upasuaji na mtu wa usingizi. Kwa anayeishi mbali na hospitali yenye chumba cha upasuaji, hesabu hiyo inakwisha haraka sana.

Kuna jambo linalofanyika nyumbani ambalo linaweza kuharakisha balaa, nalo ni dawa za kuharisha. Mgonjwa wa kidole tumbo mara nyingi anahisi kama angepata choo angepona. Basi anapewa haluli, mafuta ya mbarika, au anapigwa bomba. Utumbo unaminya kwa nguvu, na kifuko kilichooza kinatoboka. Tumbo linalouma bila sababu inayojulikana lisipewe dawa ya kuharisha, iwe ya dukani au ya mitishamba. Kukanda kwa maji ya moto na kuchua "chango" nako kuache.

Dawa ya maumivu ni habari tofauti kidogo. Zamani tulifundishwa kwamba mgonjwa asipewe kabisa kabla daktari wa upasuaji hajamwona, eti itaficha ugonjwa. Leo tunajua kwamba mgonjwa aliyekwisha kufika hospitali akipewa dawa ya maumivu, daktari bado anaweza kuutambua ugonjwa, na hakuna sababu ya kumwacha ateseke. Hatari iko pale dawa inapokuwa sababu ya kutokwenda hospitali. Panadoli ya kumsaidia mtoto avumilie safari si dhambi. Sindano ya duka la dawa ili tulale mpaka kesho ni kitu kingine kabisa.

Nimesema maumivu yanahama, lakini lazima niwe mkweli: hayahami kwa kila mtu. Ni kama nusu ya wagonjwa, au zaidi kidogo, wanaopata mwendo huo kamili. Kifuko kikiwa kimelala nyuma ya utumbo, maumivu yanaweza kukaa kiunoni au mgongoni upande wa kulia. Kikiwa kimening'inia kwenye nyonga, mgonjwa anaweza kuharisha kidogo kidogo na kukojoa mara kwa mara. Mjamzito mimba ikiwa kubwa, maumivu yanaweza kuwa juu kidogo kuliko kawaida, na kila mtu anadhani ni mambo ya mimba, wakati kupasuka kunahatarisha mtoto aliye tumboni. Mzee anaweza asipate homa kali wala maumivu makali. Kwa hiyo maumivu yakihama ni sababu ya kwenda hospitali, lakini yasipohama si sababu ya kubaki nyumbani. Tumbo linalouma mfululizo zaidi ya saa 6, halipungui, na mgonjwa hataki chakula, lionwe na daktari hata kama maumivu hayajakwenda kokote.

Kwa binti au mama aliye katika umri wa kuzaa, maumivu ya chini kulia yana jina jingine ambalo halisubiri hata kidogo: mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hivyo tukiomba kipimo cha mimba, wazazi msikasirike wala msituone tumemshuku binti yenu. Tunatafuta kitu kinachoweza kumwaga damu tumboni usiku huu.

Nyumbani kuna kitu kimoja unaweza kujaribu bila madhara. Mwombe mtoto akohoe kwa nguvu, au aruke mara moja kwa mguu wa kulia. Mwenye tumbo la kawaida atafanya, pengine atacheka. Mwenye utando uliochokozeka ataruka nusu, atashika upande wa kulia, au atakataa kabisa. Wakiwa njiani, waulize kama maumivu yanazidi bodaboda au bajaji inapopita kwenye tuta. Hilo la matuta madaktari wa Uingereza walilifanyia utafiti na kulichapisha mwaka 2012: karibu wagonjwa wote waliokutwa na kidole tumbo walisema matuta yaliwaumiza. Lakini wengine waliosema hivyo walikuwa na magonjwa mengine, kwa hiyo tuta halitoi hukumu, linakwambia tu usigeuze njiani. Usilibonyeze bonyeze tumbo mwenyewe kila baada ya dakika tano, utamuumiza bure.

Kuhusu ultrasaundi, naona watu wengi wanaiamini kupita kiasi. Inasaidia, hasa kwa watoto na wajawazito, maana haina mionzi. Ila gesi ya utumbo inaweza kukizuia kifuko kisionekane, na jibu likaandikwa "hakuna tatizo lililoonekana". Ukipewa karatasi ya namna hiyo, uliza swali hili: kidole tumbo kimeonekana na ni kizima, au hakikuonekana? Hayo ni majibu mawili tofauti. La pili halimtoi mtoto hatarini kama bado hawezi kuruka kwa mguu wa kulia.

Na mwisho kuna hili la kutibu kwa dawa bila upasuaji, ambalo wasomaji wananiuliza kwa sababu wamesikia Ulaya wanafanya. Ni kweli. Huko Finlandi watu wazima waliochaguliwa kwa siti skani, ambao kifuko hakijapasuka na hakina kijiwe ndani, walitibiwa kwa dawa kali zilizoanzia kwenye mshipa wakiwa wamelazwa. Wengi walipona. Hata hivyo, ndani ya miaka mitano karibu watu 4 kati ya kila 10 walikuwa wameshapasuliwa. Kwa aliyechunguzwa hivyo, na anayeishi karibu na hospitali, huo ni uchaguzi wa kuzungumza na daktari wake. Vidonge vya siprofloksasini kutoka duka la dawa, kwa mtu ambaye hakuna aliyemtazama tumbo, si matibabu hayo. Vinaweza kupoza dalili siku mbili huku usaha ukijikusanya.

Kama unasoma hii na kuna mtu nyumbani anaumwa tumbo, chukua karatasi uandike mambo manne: saa maumivu yalipoanza, yalianzia wapi, saa yalipohama na yalikohamia, na saa alipokula mara ya mwisho. Kuanzia hapo asile kitu kigumu, kwa sababu anaweza kuhitaji usingizi wa upasuaji. Akiwa na kiu na safari ni ndefu, anywe maji funda moja moja na mwambie daktari ni saa ngapi. Andika pia dawa yoyote aliyopewa, hata ya kienyeji, hatutakugombeza. Kama kuna hospitali mbili, nenda ile yenye chumba cha upasuaji, hata kama ya jirani ina foleni fupi. Ukifika mapokezi usiseme tu "anaumwa tumbo", utapewa namba na kukaa kwenye benchi pamoja na wenye mafua. Sema, "Maumivu yalianza kitovuni jana saa 2 usiku, tangu alfajiri yamehamia chini kulia." Muuguzi yeyote aliyezoea kazi yake akisikia hivyo atanyanyua kichwa.